Dhana si zana: kwa walimu wapya mnaosahihisha hijai

Wapendwa walimu wenzangu mlioajiriwa majuzi, nimeketi nanyi majilisini tangu majaribio yaanze, na kwa heshima zote naomba muweke kalamu nyekundu chini kwa muda mfupi. Mmoja wenu amekata neno "zawadi" katika insha ya Kidato cha Pili akaandika "dhawadi" juu yake. Mwingine ameacha "tafazali" ipite kwa sababu, kama alivyonieleza, "inasomeka". Yote mawili nimeyaona mara nyingi kabla hamjafika hapa, na la kwanza nalijua kwa uchungu zaidi kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kulipanda.

1. Jueni kwanza kosa linatoka wapi.

Sauti za dh, th na gh katika Kiswahili Sanifu zimo karibu zote katika maneno ya mkopo, na mengi ya hayo ni ya Kiarabu. Kiarabu kina herufi tatu tofauti, yaani dhal, dhad na dha, ambazo sisi tumezikusanya zote katika "dh" moja: dhahabu, ardhi na dhuluma zina asili ya herufi tatu mbalimbali, lakini kwetu zinaandikwa namna moja. Herufi ya zay imebaki "z", kama katika ziara, zaidi, mizani na hazina. Thaa imekuwa "th", kama katika thabiti na thelathini, ilhali sini na swadi zimekutana katika "s", kama katika sababu na sahihi. Kwa hiyo anayejua Kiarabu hukisia hijai kwa urahisi, na mtoto asiyekijua, ambaye ndiye mtoto wetu, hutegemea sikio lake.

Sikio hilo limelelewa na lugha ya nyumbani. Katika Gĩkũyũ, herufi "th" husomwa kwa sauti iliyo karibu sana na "dh" yetu, na kwa hiyo mtoto wa huko hutofautisha kwa shida "rithi" na "ridhi". Dholuo haina "z", ndiyo maana utakutana na "samani" mahali ambapo mwandishi alikusudia "zamani", na usipokuwa makini utadhani anazungumzia viti na meza. Wengine wengi hawana "dh" kabisa katika lugha zao, nao huweka "z": zambi, feza, tafazali. Msiwacheke. Someni kosa kama daktari asomavyo dalili, kwa sababu watoto watatu wanaweza kukosea neno moja kwa sababu tatu, na tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

2. Msifundishe kanuni fupi kuliko ukweli.

Hapa ndipo ninapoungama. Nilipokuwa mgeni kazini kama ninyi, nilichoshwa na "zambi" na "feza", nikasimama mbele ya darasa na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo: neno likiwa la Kiarabu, msiandike "z", andikeni "dh", na mkiwa na shaka, andikeni "dh". Kanuni ilikuwa fupi, ilikaririwa vizuri, na kwa majuma kadhaa ilionekana kufaulu. "Dhambi" ilirudi, "fedha" ikarudi, nami nikatembea ushorobani kama mtu aliyelipwa marupurupu.

Kisha likaja swali la insha kuhusu kilimo. Kijana wa kwanza aliandika kwamba wakulima wanahitaji "dhana za kisasa". Nilitabasamu, kwa kuwa hata hilo lingeweza kutetewa: labda mkulima anahitaji mawazo mapya kuliko majembe. Wa pili akaandika kuhusu "dhiara" ya waziri wa kilimo, aliyewaletea wakulima "dhawadi", na kuwaahidi makubwa "dhaidi". Wa tatu, msichana ambaye hijai yake ilikuwa safi kuliko yangu, aliandika kwamba mama yake "anaudha mboga sokoni". Tazameni neno hilo. "Uza" si la Kiarabu hata kidogo. Lakini mtoto hana njia ya kujua kwamba "uza" ni letu na "udhi" limekopwa. Alisikia shaka, akatii kanuni ya mwalimu, na mama yake akawa anawaudhi mchicha na sukuma wiki.

Nilimwita nikamwonyesha. Alinijibu kwa adabu iliyoniumiza kuliko ukaidi: "Mwalimu, mwaka jana niliandika 'anauza'. Ulituambia tukiwa na shaka tuandike 'dh'." Alikuwa sahihi. Alikuwa akilijua neno, nami nilimpa shaka ambayo hakuwa nayo. Nilizipitia tena karatasi za darasa zima na kuona kwamba waliokuwa wakiandika "z" kila mahali sasa walikuwa wakiandika "dh" kila mahali. Sikuwa nimewafundisha kutofautisha chochote, nilikuwa nimewahamisha kutoka kosa moja hadi jingine. Muhula uliofuata niliutumia kubomoa nilichojenga, na nawaambia kwamba kubomoa kuna kazi zaidi, maana mtoto anayekosea kwa kutojua husikia anaporekebishwa, lakini anayekosea kwa kumtii mwalimu hutetea kosa lake.

3. Fundisheni jamaa za maneno.

Maneno ya Kiarabu huja na ukoo wake. Konsonanti za shina hubaki, irabu hubadilika, na nyingi za jamaa hizo zimeingia katika Kiswahili pamoja. Mtoto asiyejua kama ni "thibitisha" au "dhibitisha" huenda anajua "thabiti" bila shaka yoyote. Mwambieni aanzie hapo. Asiyejua "dhibiti" akumbuke "madhubuti". Anayesitasita kwenye "rithi" atazame "mirathi" na "urithi", na kwenye "ridhi" atazame "radhi" na "ridhaa". "Tafadhali" ni jamaa ya "fadhili" na "afadhali". "Maadhimisho" yanatoka kwa "adhimu", lakini "maazimio" yanatoka kwa "azimu", na ndiyo maana mkutano huweza kuadhimisha siku na kupitisha maazimio katika alasiri moja.

Nawapa sentensi niliyoiona juzi, ili mjaribu njia hii. Mwanafunzi aliandika: "Serekali imezibiti azari za ukame na kuzibitisha kwamba aridhi itahifaziwa." Mwalimu mwenye haraka ataweka "dh" badala ya kila "z" na kupata "imedhibiti", "adhari", "kudhibitisha" na "itahifadhiwa"; mawili sahihi, mawili mabovu. Tuende polepole. Serikali iliyozuia jambo lisizidi imelidhibiti, jamaa ya "madhubuti", kwa hiyo "dh". Kinachoachwa na ukame ni athari, jamaa ya "athiri" na "athirika", kwa hiyo "th". Serikali iliyosema kwamba jambo ni kweli imethibitisha, jamaa ya "thabiti" na "ithibati", kwa hiyo "th" tena. "Itahifadhiwa" ni ya ukoo wa "wahafidhina", nao wanajulikana na mtoto yeyote anayesikiliza taarifa za habari. "Ardhi" haina "i" katikati. Huyu ameongeza irabu ili kutenganisha konsonanti mbili, kama wanaoandika "labuda" na "makitaba". "Serekali" ni kosa la irabu tu. Makosa sita, sababu tatu. Miongozo ya kusahihishia majaribio ya Karatasi ya Pili mara nyingi huagiza nusu alama iondolewe kwa kila kosa la hijai hadi makosa sita, kwa hiyo sentensi moja kama hii katika jibu la ufahamu humaliza fungu lote la adhabu.

Jamaa hizi zina mpaka wake. Kuna utatu unaowashinda hata watu wazima: hatari, hadhari na athari. Haya si ndugu, ni majirani wanaofanana sura. Hatari ni jambo la kuogopwa, hadhari ni uangalifu unaokuepusha nalo, nayo athari ni kinachobaki baada ya tukio. Hapa ukoo husaidia kwa sehemu tu ("tahadhari" itakupa "hadhari"), na yaliyobaki ni maana. Ndiyo maana imla ya neno mojamoja haifai kwa maneno ya namna hii. Someni sentensi nzima, mtoto aandike neno akijua linafanya kazi gani.

4. Irabu mbili za maarifa, taarifa, taabu na saa ziandikwe zote mbili. Zimeshika nafasi ya ile 'ain ya Kiarabu ambayo sisi hatuitamki.

5. Mikopo ya Kiingereza ina ugonjwa mwingine kabisa.

Hapa mtoto hakosi kwa sikio, hukosa kwa jicho. Ameona neno hilo limeandikwa Kiingereza kwenye vitabu vya masomo mengine, basi huliandika nusu kwa nusu: "compyuta", "technolojia", "radio", "proffesa". Kanuni hapa ni fupi na, kwa bahati nzuri, ni ya kweli: neno likishaingia linaandikwa linavyotamkwa Kiswahili, "c" haisimami bila "h", "q" na "x" hazina kazi, na konsonanti haziandikwi maradufu kwa sababu tu Kiingereza kimefanya hivyo. Kompyuta, teknolojia, redio, profesa. Muwaambie pia kwamba "xaxa" na "cjui" za kwenye simu hazikatazwi kwa sababu ni dhambi. Ni za mahali pengine, kama vile ndara zisivyovaliwa gwarideni. Sheng ikiwekwa katika kinywa cha mhusika ndani ya alama za mtajo, isomeni kama mtindo kabla ya kuihukumu.

6. Kamusi iwe mezani, si kabatini.

Usanifishaji ulianza kwa kuchagua: mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyopewa nafasi ya kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia hijai ya vitabu vya shule. Lakini kuchagua hakukufuta kila tofauti. Kuna "arusi" na "harusi", kuna "asante" na "ahsante". Unguja na Pemba watoto huenda skuli, na ukimkuta mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka huko akiandika "skuli", hujakutana na Kiingereza kilichokosewa bali na neno linalotumika rasmi kwao. Mwongozeni atumie "shule" katika karatasi za hapa, kisha mwacheni na alama zake.

Kabla ya kukata neno ambalo limewashangaza, fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na likikosekana humo, Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Zikiwa na maumbo mawili, mtahiniwa ana haki ya lolote kati ya hayo, mradi asibadilishe njiani. Akianza na "harusi" amalize na "harusi". Na yule aliyekata "zawadi" naomba airudishe nusu alama hiyo kabla karatasi hazijafika kwa mkuu wa idara, kwa sababu nimeona jina la mwanafunzi, na mzazi wake ni mwalimu wa Kiswahili.