Mita ya venturi: hesabu ilisema lita 58, tangi likasema 49

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha kazi alinipigia simu jioni moja kutoka Kisauni, Mombasa. Alikuwa kwenye nyumba ya pampu inayokusanya maji ya visima kadhaa na kuyapandisha hadi tangi lililoko juu, upande wa Nguu Tatu. "Mzee, shikamoo. Hii venturi inaniambia lita 58 na nusu kwa sekunde, lakini watu wa tangi wanasema hawapokei hata 50. Wanasema tunawaibia." Nikamwambia asiondoke, nitafika asubuhi.

Nasimulia kazi ya siku ile jinsi ilivyokuwa, kwa sababu makosa tuliyoyakuta ndiyo ninayokutana nayo kila mara, na matatu kati yake yana mzizi mmoja: watu husahau kwamba mirija ya manometa, yaani kipima presha, imejaa maji, na maji yale nayo yana uzito.

Kwanza mita yenyewe, kwa ufupi. Ni bomba linalobanwa polepole mpaka koo jembamba, kisha hupanuka tena taratibu zaidi. Maji yakipita kooni hulazimika kukimbia, na yakikimbia presha yake hushuka. Jina limetokana na Mtaliano Giovanni Battista Venturi (1746–1822), ila aliyeigeuza kanuni hiyo kuwa mita ya maji ni mhandisi Mmarekani Clemens Herschel, mwaka 1887. Kwenye bomba la mita na kwenye koo kuna vitundu viwili vinavyounganishwa kwa mirija hadi manometa ya zebaki yenye umbo la U. Zebaki hupanda upande wa koo na kushuka upande wa pili. Tofauti ya urefu wa pande hizo mbili ndiyo tunayoiita x.

Mita ya Kisauni ina kipenyo cha milimita 200 mahali pa kuingilia na milimita 100 kooni. Hesabu yake ni hii:

```
h = 12.6 × x
Q = Cd × A2 × √(2 × g × h) / √(1 − (A2/A1)²)
```

Q ni mtiririko, mita za ujazo kwa sekunde; h ni tofauti ya presha ikipimwa kwa mita za maji; g ni mvutano wa dunia, 9.81. A1 ni eneo la bomba, mita za mraba 0.03142. A2 ni eneo la koo, 0.00785. Cd ni kizidishi cha mtiririko, na tutakirudia.

Nilipofungua daftari la kijana nikaona kosa la kwanza kabla sijagusa mtambo. Alikuwa amesoma x milimita 204, akaizidisha kwa 13.6. Nikamuuliza kwa nini 13.6. "Si zebaki ni nzito mara 13.6 ya maji, Mzee?" Ni kweli kabisa. Lakini angalia mrija wenyewe. Upande mmoja kuna milimita 204 za zebaki iliyosimama juu zaidi. Upande wa pili, kwenye urefu uleule, hakuna utupu, kuna milimita 204 za maji. Maji hayo yanasukuma chini upande wao na kuibeba sehemu ya mzigo. Kinachobaki ni 13.6 kutoa 1, yaani 12.6. Ile 13.6 nzima ungeitumia kama mirija ingekuwa na hewa juu ya zebaki, na kwenye bomba la maji haiwi hivyo. Tukarekebisha, lita 58.7 zikashuka hadi 56.5. Karibu asilimia 4 ilitoka kwa kuikumbuka moja tu.

Kijana akafikiri amepata dawa ya kilichobaki. Bomba pale linapanda mlima, na mita imefungwa ikiwa imeinama: koo liko sentimita 15 juu ya mahali pa kuingilia. Akasema tupunguze zile sentimita 15 kwenye h. Nikamkataza. Presha ya kooni ni ndogo kwa sentimita 15 za maji kwa sababu koo liko juu, ndiyo. Lakini mrija unaoshuka kutoka kooni hadi kwenye zebaki nao ni mrefu kwa sentimita 15, na maji yaliyomo yanarudisha kile kilichopungua. Manometa ya namna hii imeshauhesabu mwinamo yenyewe. Iwe mita imelala, imeinama au imesimama wima, hesabu haibadiliki. Ukipunguza tena, unakata mara mbili kitu kilekile.

Hata hivyo ulinganifu huo unasimama juu ya sharti moja: mirija ijae maji tupu. Hapo ndipo tulipokuta kosa la pili.

Njia ya kulijua ni rahisi na haihitaji kifaa. Zima pampu, ngoja maji yatulie, bomba likiwa bado limejaa, kisha usome manometa. Maji hayatembei, kwa hiyo zebaki inapaswa kukaa sawa pande zote mbili, hata mita ikiwa imeinama. Sisi tulisoma milimita 24. Nilimwona kijana anaikazia macho ile zebaki kama mtu aliyeshikwa anasinzia kazini. Kwa mwezi mzima hakuwahi kuisoma pampu ikiwa imezimwa.

Milimita 24 mara 12.6 ni karibu sentimita 30 za maji. Maana yake ni kwamba mahali fulani kwenye mrija wa koo kulikuwa na kiputo cha hewa kilichochukua nafasi ya sentimita 30 za maji, kikipimwa kwa urefu wa kwenda juu. Tukaufuata mrija kwa mikono, tukakuta sehemu iliyopindwa juu kama mgongo wa paka ili ipite juu ya msingi wa pampu. Hewa huganda hapohapo.

Kutoa hewa kuna utaratibu wake, na hapa naomba uwe mwangalifu sana. Fungua kwanza valvu ndogo inayounganisha pande mbili za manometa, ili presha ilingane. Usipofanya hivyo, ukifungua upande mmoja ghafla zebaki inaweza kurushwa nje ya manometa ikaingia kwenye maji ya kunywa, nayo ni sumu. Kisha fungua koki za kutolea hewa, moja moja, mpaka maji yatoke bila kutema. Fanya hivyo pampu ikiwa imezimwa na maji ya bombani yakisukuma kutoka juu mlimani, kwani maji yakiwa yanakimbia, kooni presha inaweza kuwa ndogo kuliko ya hewa ya nje, na badala ya kutoa hewa utainyonya. Baadaye tulihamisha mrija ule upite chini ya msingi, ukipanda moja kwa moja bila mgongo.

Tukasoma tena pampu imezimwa: sifuri. Tukawasha: x ikawa milimita 180. Sasa hesabu:

```
h = 12.6 × 0.180 = 2.268 m
√(2 × 9.81 × 2.268) = 6.67 m/s
√(1 − 0.25²) = 0.968
Q = 0.98 × 0.007854 × 6.67 / 0.968 = 0.053 m³/s
```

Lita 53 kwa sekunde. Kuna mtu atasema si afadhali kutoa tu zile milimita 24 kila mara, mbona jibu lingekuwa lilelile. Siku ile lingekuwa. Lakini kiputo hujongea, hukua na kupungua. Na madhara yake si sawa kwa mitiririko yote: hapa kiliongeza asilimia 6 na kitu, ila pampu ikipeleka nusu ya maji, x halisi ingekuwa milimita 45 tu, mita ingesoma 69, na jibu lingezidi kwa asilimia 24. Kwa kuwa Q hufuata kipeuo cha pili cha x, kosa dogo la zebaki huwa kubwa mno maji yakiwa machache.

Watu wa tangi bado walisema chini ya 50. Basi tukapanda kwao. Tangi lao ni la zege, mita 6 kwa 4 ndani, kuta zimenyooka. Tukafunga njia zote za kutolea maji, tukashika saa, na kwa sekunde 300 maji yakapanda sentimita 61. Hiyo ni mita za ujazo 14.64, yaani lita 48.8 kwa sekunde. Walikuwa na haki.

Sasa tuje kwenye Cd. Hesabu bila Cd huchukulia kwamba maji hayapotezi nguvu yoyote kati ya kitundu cha kwanza na cha pili. Kwa kweli yanapoteza kidogo kwa msuguano, na Cd ndiyo mtiririko halisi ukigawanywa kwa ule wa nadharia. Nadharia yetu ilikuwa lita 54.1. Gawa 48.8 kwa 54.1, unapata 0.90.

Kijana alifurahi: "Basi tuandike Cd ni 0.90, tumalize." Hapo ndipo fundi anapotakiwa kukataa. Mita ya venturi iliyotengenezwa vizuri, kwa mtiririko wa kawaida wa mabomba makubwa, hukaa karibu na 0.98. Chini kidogo inakubalika. 0.90 haiwi tabia ya mita yenyewe, inakuambia kipimo kimojawapo ulichokiingiza si cha kweli. Mirija ilikuwa safi, tangi lilipimwa, kipenyo cha bomba ni kikubwa hivi kwamba kosa dogo pale halibadilishi hesabu. Nikabaki na koo.

Visima vya pwani yetu vinapita kwenye miamba ya matumbawe na maji yake yana chokaa nyingi, kila mwenye birika la kuchemshia chai Kisauni anaijua ile ganda nyeupe. Tulipoifungua mita tukakuta ganda hilohilo kooni, gumu, pande zote, unene wa milimita 2 hivi. Kipenyo kilikuwa 96, si 100. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini eneo la koo lilikuwa limepungua karibu asilimia 8. Koo likiwa jembamba maji hukimbia zaidi, zebaki hupanda zaidi, nasi tunazidisha kwa eneo ambalo halipo tena. Tukiweka 96 kwenye hesabu, na Cd ileile ya 0.98, tunapata lita 48.6. Tangi lilisema 48.8.

Tulilainisha ganda kwa asidi nyepesi na kulisugua kwa brashi ya nailoni, maana brashi ya chuma ingelikwaruza koo. Tukapima kipenyo kwa kalipa sehemu nne: 100 kila mahali. Siku iliyofuata, pampu ileile, x ilisoma milimita 154 na tangi likapanda tena sentimita 61 kwa sekunde 300. Cd ikatoka 0.975. Kijana aliiandika kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, na tarehe, na chini yake sifuri tuliyoisoma pampu ikiwa imezimwa.