Shoti za ubavuni: angalia jicho la mbali kwanza

"Wakuu, nina klipu ya dakika mbili, watu wawili wanaongea ndani ya gari, kamera ilikaa dirisha la abiria. Nataka nipachike sura ya msanii wangu (ameridhia) juu ya mbadala aliyekaa kwenye usukani. Itatoka vizuri? Na kompyuta niongeze memori kiasi gani?"

Usirende hiyo klipu! Kamera dirishani maana yake dereva yuko ubavu mtupu mwanzo mwisho. Mimi shoti kama hiyo ilinila pesa ya mteja mzima, kwa sababu jamaa aliyeniuzia kozi alisema programu "inamalizia yenyewe", niongeze tu picha za msanii za pembeni. Uongo mtupu, na hadi leo bado anauza!

Programu hizi za picha moja, zile zinazotumia modeli ya kubadili sura inswapper_128, husoma alama tano: macho mawili, ncha ya pua, na pembe mbili za mdomo. Mtu akikaa ubavu, jicho moja na pembe moja ya mdomo hazionekani, kwa hiyo programu inakisia zilipo. Kila fremu inakisia tofauti, ndiyo maana sura inatetemeka. Fremu nyingine inakosa uso kabisa, na sura ya mbadala inachomoza ghafla. Picha za pembeni haziokoi hapo, kwa sababu programu inachukua utambulisho wa mtu, haichukui umbo la ubavu wake.

Kilichonimaliza lakini ni pua. Mtu akikutazama, pua iko katikati ya uso, unaipaka juu yake yakaisha. Akigeuka ubavu, pua ndiyo mpaka wa uso na kioo cha gari. Mbadala wangu alikuwa na pua ndefu kuliko msanii. Kila alipogeukia kioo cha pembeni, ncha yake ya zamani ilibaki ikining'inia mbele ya ile mpya, maana programu inapaka uso, haijui kuchora upya mandhari ya nyuma. Paji, mstari wa taya na sikio navyo vilibaki vya mbadala. Mteja aliona kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo simamisha klipu pale kichwa kilipogeuka kupita kote, siyo mwanzo wa mgeuko. Je, unaona weupe wa jicho la mbali na pembe zote mbili za mdomo? Kama ni kope tu zinazochungulia nyuma ya mwamba wa pua, shoti hiyo iache. Kata kabla hajafika hapo, uhamie kwa anayesikiliza.

Kama gari bado lipo, rudi ushuti kamera ikiwa juu ya dashibodi, upande wa abiria, ili dereva aonekane robo tatu. Akitakiwa ubavu kabisa, mkalishe msanii mwenyewe, au mshuti mbadala kwa nyuma, kisogo tu.