Wadogo zangu wa studio, kabla hujasakinisha tena, litafute faili

Kila anapokuja mtu mpya studio, jambo hili hujirudia. Kashusha plagini, kaisakinisha, kafungua FL Studio, haioni. Anaisakinisha tena, haioni. Anazima kompyuta na kuiwasha, anasakinisha mara ya tatu, na mwimbaji bado kakaa kwenye kochi anasubiri kuingiza sauti. Nawaombeni sana, acheni hivyo. Kusakinisha upya kunaweka faili lile lile mahali pale pale, na programu ambayo haikuliona mwanzo haitaliona sasa.

Plagini ni faili. Programu yako hulichukua kwa masharti mawili: liwe la fomati inayoisoma, na liwe ndani ya folda inayoipekua. Nitaongelea FL Studio kwenye Windows, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayoanzia.

1. Tazama mkia wa jina. Windows huuficha. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Sasa utaona: `.dll` ni VST2, `.vst3` ni VST3, `.aaxplugin` ni AAX, ya programu za Avid kama Pro Tools, na `.component` ni AU ya Mac. Ukikuta zipu ina `.component` tu, umeshusha ya Mac, na hakuna folda ya Windows itakayokusaidia. Rudi ukashushe nyingine. Kubadili jina kutoka `.dll` kuwa `.vst3` hakubadili kilichomo ndani. Na programu ya usakinishaji inapokuuliza fomati zipi unataka, soma kabla ya kubonyeza Next: wapo wanaobakiza tiki ya AAX tu, kisha wanashangaa FL Studio iko kimya.

2. Folda. VST3 ina makao yake rasmi, wala haihitaji ubunifu wako:

```
C:\Program Files\Common Files\VST3
```

VST2 haikuwahi kuwa na makao ya namna hiyo. Kila mtengenezaji hupendekeza pake, na hapo ndipo `.dll` hupotelea. Chagua folda moja, mimi nashauri `C:\Program Files\VstPlugins`, na kila usakinishaji unapokuuliza pa kuweka VST2, uelekeze hapo. Ikiwa faili lako liko kwingine, fungua Options, halafu Manage plugins, na uiongeze folda hiyo kwenye Plugin search paths. Ongeza folda yenyewe tu. Ukiongeza diski C nzima, upekuzi utagusa kila `.dll` ya kompyuta, na nyingi ya hizo si plagini.

3. VST3 inayoonekana kama folda. Hapa ndipo watu makini pia hukosea. Tuseme umeshusha zipu ya kompresa isiyo na programu ya usakinishaji. Unaifungua, unakuta Kompresa.vst3. Unabofya ukidhani ni faili, inafunguka. Ndani yake kuna hivi:

```
Kompresa.vst3\
  Contents\
    x86_64-win\
      Kompresa.vst3
    Resources\
```

Mgeni huchimba mpaka kwenye lile Kompresa.vst3 la ndani, analikopi peke yake, na Resources anaiacha kwenye Downloads. Pengine plagini itafunguka, pengine haitafunguka. Ikifunguka, unaweza kukuta picha au seti za mipangilio hazipo, kwa sababu vitu hivyo huenda viko kwenye Resources. Kinachotakiwa ni kuibeba folda ya juu kabisa, Kompresa.vst3 nzima, bila kuipangua, uiweke ndani ya VST3. Hilo jina `x86_64-win` lina maana pia: ni toleo la Windows la biti 64. Ukikuta Contents ina `MacOS` peke yake, zipu hiyo si yako. Kosa jingine la hapa ni kuibandika folda ya zipu ikiwa bado haijafunguliwa. FL Studio haipekui ndani ya zipu. Bonyeza kitufe cha kulia, chagua Extract All kwanza.

4. Kukopi kila mahali. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu maumivu yake hayaji siku hiyo. Mtu akishindwa kuiona plagini, huikopi kwenye kila folda yenye jina VST anayoiona: VstPlugins, Steinberg, Common Files, ndani ya folda ya FL Studio, na moja ya ziada kwenye Desktop. Moja inashika, plagini inaonekana, anafurahi, anasahau. Baada ya miezi mtengenezaji anatoa toleo jipya. Programu ya usakinishaji inabadilisha kopi moja tu, ile inayoifahamu. Zile nne zimebaki na toleo la zamani, na hujui FL Studio imeipakia ipi. Unasema umesasisha, lakini dirisha linaonyesha namba ileile ya toleo. Unaiondoa kwenye orodha ya programu za Windows, nayo bado inatokea, kwa kuwa Windows haijui habari za kopi ulizobandika kwa mkono. Unaifuta kopi usiyopaswa kuifuta, na wimbo wa mteja wa mwaka jana unafunguka ukiwa na pengo mahali pa kompresa. Ndipo linapokuja suala la fomati tena: mradi uliohifadhiwa ukitumia VST2 huitafuta VST2, usitegemee kwamba VST3 ya jina hilohilo itakaa mahali pake na mipangilio yake yote.

Kwa hiyo kabla ya kukopi chochote, uliza kompyuta faili liko wapi. Fungua Command Prompt, weka jina la plagini yako badala ya Kompresa:

```
dir "C:\Kompresa*.dll" "C:\Kompresa*.vst3" /s /b
```

Kila mstari utakaorudi ni mahali lilipo. VST3 ya muundo wa folda hutoa mistari miwili, wa nje na wa ndani. Hiyo ni sawa. Yakitokea maeneo matatu tofauti, bakiza lililowekwa na usakinishaji, mengine yahamishe kwenda folda isiyopekuliwa, fungua miradi yako ya zamani uhakikishe inasoma, ndipo ufute. Usipopata mstari hata mmoja, plagini haikusakinishwa, au faili lake lina jina tofauti na lile la dukani, au umeiweka kwenye diski nyingine, basi badilisha `C:` kuwa `D:`.

5. Skani kwa ukamilifu. FL Studio hukumbuka plagini iliyoshindwa mara ya kwanza, na unaweza kurekebisha folda vizuri kabisa huku yenyewe ikiendelea kuiruka. Kwenye Manage plugins weka tiki Verify plugins na Rescan plugins with errors, kisha bonyeza Find installed plugins. Ikiwa bado ina hitilafu ilhali fomati na folda ni sahihi, sakinisha Visual C++ Redistributable ya x64 kutoka Microsoft, halafu skani tena. Plagini za zamani za biti 32 FL Studio ya biti 64 huzifungua kwa kupitia programu ya daraja. Ukihamia Cubase ya kuanzia toleo la 9 au Ableton Live ya kuanzia 10, hutaziona.

6. Tafuta kwenye orodha sahihi. Ala iko Generators, kompresa iko Effects. Na maktaba ya Kontakt yenye mafaili ya `.nki` si plagini: hata uiweke folda gani, FL Studio haitaiorodhesha. Ifungue plagini yenyewe ya Kontakt kwanza, kisha uiburute `.nki` ndani yake.