Maoni 31 kwenye mistari 180

Jumapili usiku nilifungua GitHub nikakuta maoni 31 kwenye kodi yangu ya mistari 180. Chini kabisa palikuwa na alama nyekundu na maneno `Changes requested`. Kwa mtu aliyekulia kwenye mitihani ya taifa, wino mwekundu una maana moja tu. Nilifunga kompyuta nikaenda kula.

(Kodi ninayoisema si ya TRA wala ya mwenye nyumba. Najua wapo wanaopenda kusema "msimbo", ila mimi na wenzangu tunasema kodi.)

Programu yenyewe ilikuwa ya kikoba. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha watu 23, na kila wiki anaandika michango kwenye daftari, kisha mdogo wangu anaiingiza kwenye Excel. Mimi nilikuwa na miezi saba ya kujifunza Python usiku, baada ya kazi. Nikaandika kitu kinachosoma faili la CSV kutoka kwenye ile Excel, kinaweka michango kwenye SQLite, na mwisho wa mzunguko kinagawa faida. Kilifanya kazi. Mama alifurahi. Nikamwomba rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye ana miaka mingi kwenye kazi hii, akipitie.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata hajasoma. Nilibana folda zima, mistari zaidi ya 900, nikamrushia WhatsApp na maneno "kaka, naomba uniangalizie". Alikaa siku mbili kimya, kisha akajibu: "Kaka, nikuangalizie nini?" Lilikuwa swali la haki. Mtu akipewa mistari 900 bila maelezo atafanya moja kati ya mawili: atasema "iko poa", au atakosoa majina na nafasi kwa sababu ndivyo vinavyoonekana haraka.

Aliniambia nianze upya hivi: kwenye tawi la `main` niweke `README.md` peke yake, yenye mistari michache inayoeleza programu inamhudumia nani na inaendeshwaje. Kisha nifungue tawi jingine, niweke sehemu mbili tu ninazoziogopa zaidi, yaani kusoma faili na kugawa faida, halafu nifungue `Pull request`. Kwenye maelezo niandike ninachotaka akiangalie. Niliandika: "Naomba uangalie kama hela inaweza kupotea. Muundo bado najifunza." Sentensi hizo mbili zilinisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu maoni yote mazito yalikuja kwenye hela.

Sasa turudi kwenye yale 31. Jumatatu niliyasoma yote bila kujibu hata moja, nikaanza kuyapanga kwenye karatasi. Hapo nikagundua 14 yanaanza na `nit:`. Nilikuwa nimedhani ni Kiswahili kilichokatika, kwamba alitaka kuandika "nitarudi hapa" akapitiwa, na nilikuwa nasubiri arudi. Kumbe ni desturi ya waandishi wa programu. Neno hilo la Kiingereza ni yai la chawa, na linawekwa mbele ya maoni madogo ambayo hayazuii kazi kupita: jina lisiloeleweka, mstari mrefu mno, nafasi iliyozidi. Kwa hiyo karibu nusu ya kilichoninyima usingizi ilikuwa mayai ya chawa.

Yaliyobaki yaligawanyika hivi: maswali 9, makosa ya kweli 5, na mapendekezo 3 ya kubadili muundo. Maswali ndiyo yaliyoniuma zaidi, kwa kuwa niliyasoma kama kejeli. Swali la kwanza lilikuwa chini ya kipande hiki:

```python
for mstari in msomaji:
    try:
        hifadhi(mstari[0], int(mstari[1]))
    except:
        pass
```

Aliandika: "Mstari ukishindikana kusomeka, mweka hazina atajuaje?"

Niliandika jibu refu. Nilieleza kwamba faili linatoka Excel, linaandaliwa na mtu mmoja, haliwezi kuwa na matatizo, na kwamba hiyo `except` niliiweka kwa tahadhari tu. Kabla sijalituma, nikajiuliza itanigharimu nini nikijaribu. Nikanakili faili la wiki moja, ambapo watu wote 23 walichanga shilingi 20,000 kila mmoja. Kwa watatu nikaandika kiasi pamoja na mkato, `"20,000"`, jinsi mama anavyoandika daftarini. Nikaendesha.

Daftari linasema 460,000. Programu ikasema 400,000, bila ujumbe wowote wa kosa.

Sababu yake ni fupi. `int("20,000")` haikubali mkato, kwa hiyo Python inapiga kelele ya `ValueError`. Ile `except` tupu inaidaka kelele, `pass` inainyamazisha, na mstari unarukwa. Wanachama watatu wangeonekana hawajachanga, na mama ndiye angeulizwa kwenye kikao. Tena `except` isiyotaja aina ya kosa inadaka kila kitu, hata `Ctrl+C` unayobonyeza kusimamisha programu. Nilifuta jibu langu refu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na kama unajiandaa kupitiwa kodi kwa mara ya kwanza ndio ninaokuachia: swali la mpitiaji usilijibu kwa maneno kabla hujalijibu kwa kuendesha programu. Tengeneza data inayofanana na hofu yake, endesha, uone. Likitokea kosa, umelipata ukiwa nyumbani. Lisipotokea, jibu lako linakuwa jaribio ulilolifanya, na yeye anaweza kulirudia. Kwa namna yoyote ile, mazungumzo yanahama kutoka kwako yanakwenda kwenye faili.

Marekebisho yalikuwa madogo. Nikataja aina ya kosa, nikaanza kuhesabu `namba` ya kila mstari, nikakusanya mistari mibovu kwenye orodha ya `mibovu`, na ikiwapo hata mmoja programu inakataa kuhifadhi faili zima hadi lirekebishwe:

```python
    except ValueError as kosa:
        mibovu.append((namba, kosa))
```

Nusu ya faili kuingia na nusu kubaki nje ni hatari kuliko faili lote kukataliwa, kwani ukirudia kuliingiza wale wa mwanzo wanahesabiwa mara mbili.

Swali la pili lilikuwa kwenye kugawa faida. Nilikuwa nimeandika `round(faida / idadi)`. Akauliza: "Salio linakwenda wapi?" Sikuelewa, nikafanya kama nilivyofanya kwa lile la kwanza. Faida ya 250,000 kwa watu 23 ni 10,869 na kitu. Programu inapandisha hadi 10,870, na 10,870 mara 23 ni 250,010. Yaani tunagawa shilingi kumi ambazo hazimo kwenye sanduku. Ni kumi tu, lakini kwenye kikoba hesabu isiyofunga kwa shilingi kumi inakalisha watu kikaoni hadi jioni. Dawa ni kugawa kwa namba kamili, `faida // idadi`, ambayo inatoa 10,869 kwa kila mtu, na `faida % idadi`, inayotoa salio la shilingi 13.

Ila hizo 13 anapewa nani? Hapo rafiki yangu hakuwa na jibu, wala Python. Nilimuuliza mama. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza maji yanachemkaje: "Si zinakwenda mfuko wa jamii? Miaka yote zinakwenda huko." Nikaandika hivyo kwenye majibu, na rafiki yangu akaweka dole gumba. Mpitiaji anajua kodi kukuzidi, lakini kikundi unakijua wewe, na yako maswali anayouliza kwa sababu kweli hajui.

Kati ya mapendekezo matatu ya muundo nilikubali moja. Moja niliahirisha, na la tatu, la kuhama SQLite kwenda PostgreSQL, nililikataa. Niliandika kwamba mtumiaji ni mmoja, laptopu ni moja, na nakala ya akiba ni kunakili faili moja kwenye flashi, jambo ambalo mdogo wangu analiweza. Alijibu "sawa, una hoja", basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano yasiyokuwepo. Kukataa pendekezo si utovu wa adabu ukitoa sababu inayotokana na matumizi. Nisichokishauri ni kusema "sawa kaka" kwa kila kitu, halafu ukabaki na kodi usiyoielewa.

Kuna jambo moja ambalo hakuliandika kabisa, alinipigia simu. Nilikuwa nimeacha nenosiri la barua pepe ndani ya kodi. Nikafuta ule mstari, nikatuma `commit` mpya, nikamwambia tayari. Akaniambia nichape `git log -p`. Nenosiri lilikuwa bado lipo, wazi, kwenye historia. Git imeundwa kukumbuka. Kinachotakiwa kwanza ni kubadili nenosiri lenyewe; usafi wa historia unafuata. Nashukuru alilisema kwa simu.

Kwa yale makosa matano nilifanya `commit` moja kwa kila kosa, na chini ya kila oni nikaweka namba ya `commit` husika, ili asilazimike kusoma mistari yote upya. Kitufe cha `Resolve conversation` nilimwachia yeye, maana ndiye anayejua kama hoja yake imejibiwa. Raundi ya pili ilikuwa na maoni sita. Ya tatu ikaja na alama ya kijani.

Kati ya zile `nit:` 14 nilitengeneza 13. Moja niliiacha kwa uvivu. Ilikuwa kwenye ile orodha ya mistari mibovu, pale ninapoichapisha kwenye skrini kama Python ilivyoitoa. Alikuwa ameandika: `nit:` huu ujumbe ataelewa nani? Nikaona ni urembo.

Wiki ya tatu ya matumizi mama alinipigia nikiwa kazini. Mtu alikuwa ameandika kiasi kwa nukta badala ya mkato, na programu, kama ilivyotakiwa, ilikataa faili. Kwenye skrini kulikuwa na maneno haya:

```
17 invalid literal for int() with base 10: '20.000'
```

"Baba," akasema mama, "huyu Literali ni nani? Nimetafuta daftari zima, hatuna mwanachama wa jina hilo."