Nywila: heshi au kusimba?

"Kwenye kwizi nimejibu nywila zihifadhiwe kwa kusimbwa na AES, nimekoseshwa. Kwani heshi si ndiyo hiyohiyo?"

Umekoseshwa kihalali, ndugu. Kilichosimbwa hufunguliwa na mwenye ufunguo, na ufunguo huo kwa kawaida unakaa karibu na mfumo wenyewe. Mwizi akiupata, anasoma nywila zote. Heshi haina ufunguo wala njia ya kurudi, ni kama muhogo ukishakuwa unga. Mtu akiingia, mfumo unasaga upya alichoandika na kulinganisha.

Dada hapo juu anasema SHA-256 inatosha. Ni heshi kweli, lakini ina kasi mno, na mwizi anajaribu makisio mengi sana kwa sekunde. Tena bila chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa na kila nywila kabla ya kusagwa, nywila zinazofanana hutoa heshi moja. Niliwahi kutengeneza mfumo wa chama kimoja cha msingi huku Newala, nikakuta makarani wawili wana mstari uleule:

```
e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e
```

Nikaitambua kwa macho tu: ni heshi ya aina ya MD5 ya nywila 123456. Tukahamia bcrypt, inayompa kila mmoja chumvi yake na kwenda taratibu kwa makusudi. Argon2id ni nzuri zaidi mkianza upya.

Kaka uliyeuliza kuhusu nywila ya baruapepe ambayo mfumo wako unaitumia kutuma risiti, hiyo ni kesi nyingine. Mfumo lazima uisome, kwa hiyo isimbe. Ufunguo uuweke wapi, hapo hata sisi mafundi bado tunabishana.