Makadirio ya TRA: njoo na daftari kabla ya Machi 31

"Nina genge na duka dogo la vyombo Morogoro, kwa mwaka nauza kama milioni 9. Mwaka jana nililipa laki mbili na nusu, jirani yangu mauzo yetu sawa kalipa kidogo. Mwaka huu niende na nini?"

Ndugu, hapo jirani hajapendelewa, kuna uwezekano mkubwa alienda na daftari wewe ukaenda mikono mitupu. Mfanyabiashara mdogo (mtu binafsi, sio kampuni) mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asipokuwa na kumbukumbu anapigwa 250,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, sasa wewe kilichozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000, jumla 150,000. Laki nzima umeiacha mezani hivi hivi.

Na hapo tunahesabu mauzo sio faida, wengi wanachanganya kweli.

Njoo na TIN, daftari la mauzo ya kila siku (hata kaunta buku la kawaida, ila liwe na tarehe, sio limeandikwa usiku mmoja kwa peni moja, afisa anaona), risiti za manunuzi, miamala ya simu na benki, mkataba wa pango na risiti za kodi za mwaka jana.

Makadirio mwisho Machi 31 na awamu ya kwanza inalipwa hapo hapo, kwako 37,500, zingine Juni 30, Septemba 30, Desemba 31. Usije tarehe 30 jioni jamani, foleni na mtandao vyote vinagoma.