Kapsheni imepooza, nimwambieje?

"Nyumba yetu ya wageni iko Tukuyu. Nikimwambia kijana wa kapsheni apunguze makali, analeta kitu kimepooza. Niseme neno gani?"

Mkuu, mtajie cha kuondoa. "Punguza makali" hubeba maagizo mawili. Ukitaka laini, mwambie aondoe amri na aweke mwaliko: "Njoo ufurahie mvua ya Tukuyu!!" inakuwa "Mvua ikikukuta Tukuyu, baraza lipo na chai ya moto ipo." Ukitaka ya chini chini, afute sifa zote, abakize kinachoonekana pichani: "Mvua, baraza, chai ya Rungwe." Kijana wako nadhani anafuta sifa na kitu chenyewe pamoja, ndiyo maana inapooza.

Kuna dada kachangia hapa kwamba kapsheni kavu ni ile isiyo na utani. Nusu yake sawa. Mshangao unaondoka, utani unabaki ila haujicheki: "Tukuyu leo: mvua imepumzika dakika kumi." Akiongeza "hahaha" tu, imeharibika.

Kali ndiyo wengi hukosea, wanajaza alama za mshangao. Mwambie dai moja, bila "labda" wala "pengine": "Kama hupendi mvua, usije Tukuyu."

Nahariri kapsheni za duka la kahawa hapa Mbeya mjini, na maagizo haya ndiyo ninayotumia. Ila kavu uitumie kwa wanaowajua tayari. Mgeni wa mara ya kwanza anaweza kuisoma kama kiburi. Kwa nyumba ya wageni ningeanza na laini, ingawa mwenzangu wa Iringa hakubali.